Mguu wa Kushoto wa Bawabu

Jina la Mwalimu Breki alipewa na wanafunzi wake, na halikuwa jina la sifa. Gari la kufundishia udereva huwa na breki mbili, moja ya anayejifunza na nyingine ya mwalimu anayekaa pembeni yake, na katika gari lake ile ya pembeni ndiyo iliyokuwa ikila kazi yote. Mpira wa kanyagio lake ulikuwa umelika mpaka chuma kinachungulia, ilhali ule wa upande wa dereva ulikuwa bado una mistari yake ya kiwandani. Paka akitokeza kichwa ukingoni mwa barabara, breki. Gari la mbele likipunguza mwendo huko mbali, breki. Mwanafunzi akivuta pumzi kama anayetaka kupiga chafya, breki. Mwenyewe hakuona ubaya wowote. Gari lake halikuwa na hata mkwaruzo, na habari hiyo alimpa yeyote aliyefanya kosa la kusimama karibu naye.

Kwa hiyo binti yake alipofeli mtihani wa udereva, yeye alijua mara moja wa kumlaumu. Alimlaumu mtahini, akalaumu barabara, akalaumu mvua iliyonyesha juzi yake. Binti alimwacha amalize. Alikuwa mtoto wao wa pekee, msichana mtu mzima sasa, na kuna duka kubwa la dawa lililokuwa limemwahidi kazi ya kusambaza mizigo kwa gari pindi atakapopata leseni. Alisimulia kilichotokea bila kupamba: alikuwa anateremka kilima kuelekea kwenye makutano, akaona gari linakuja kutoka kulia, akangoja gari alilopanda lipunguze mwendo lenyewe kama lilivyozoea. Halikupunguza. Mtahini ndiye aliyekanyaga breki, na hapo mtihani ukawa umekwisha.

"Baba, mimi lile gari sijawahi kulisimamisha," alisema. "Siku zote unalisimamisha wewe."

Mwalimu Breki alikuwa na majibu mengi, akayatoa yote, na hakuna hata moja lililosaidia. Mkewe alikuwa pale pale sebuleni kwenye cherehani yake, anashona sare za shule, na hakuinua macho. Alipokuwa hataki kuingia katika ugomvi alishona kwa kasi zaidi, na jioni ile cherehani ilinguruma kama pikipiki.

Kisha binti akasema kwamba mwezi ujao, kabla ya kurudia mtihani, atakwenda kujifunza kwa mama mmoja, mwalimu wa chuo kingine cha udereva, upande wa pili wa mji. Hilo lilimuuma baba yake kuliko kufeli kwenyewe. Alijifanya kinachomsumbua ni watu wa chuoni kwake watakavyomcheka, lakini ukweli ni kwamba tangu binti huyo akiwa mdogo, akimpakata nyuma ya usukani wa gari lililozimwa, alikuwa akiisubiri siku ya kumfundisha yeye mwenyewe. Sasa siku hiyo ilikuwa imefika na alikuwa ameiharibu, na katika moyo wake alijua ameiharibu kwa mguu wake.

Binti alimwona jinsi uso ulivyomshuka, akamwonea huruma, lakini hakuirudisha kauli. Macho yake yakatua kwenye televisheni, na hapo chini yake, kwenye mashine ya gemu.

"Basi tufanye hivi," alisema. "Mpige Bawabu. Peke yako, mimi nisikuelekeze hata neno. Ukimpiga nitajua umejifunza kungoja, na nitakaa na wewe garini. Usipompiga kabla sijaanza kwa yule mama, usininunie."

Cherehani ilinyamaza. Mwalimu Breki alicheka kwanza, kisha akaona kwamba anayecheka ni yeye peke yake, akakubali.

Hapa inabidi kusema habari za Bawabu. Gemu ilikuwa ya binti, naye alikuwa ameshaimaliza. Baba yake alianza kwa kuikebehi, akaendelea kwa kuuliza maswali, na mwisho akaomba rimoti ajaribu kidogo, na hicho kidogo kikageuka kuwa kila jioni baada ya chakula. Ni gemu ya wale wanaopenda kuteswa. Una shujaa mmoja, upanga wake, na tepe mbili juu ya skrini: ule mwekundu ni uhai wako, ule wa kijani ni pumzi zako, na kila unachofanya, ukipiga, ukijikinga, ukibiringika, kinakula pumzi. Una chupa ya dawa yenye mafunda machache. Ukifa unarudi kwenye taa ya mwisho uliyoiwasha, na hazina uliyoikusanya inabaki pale ulipoangukia, mpaka uende tena kuiokota. Ukifa njiani kabla ya kuifikia, imepotea.

Na njia ile, baada ya ngazi ndefu na ukungu mweupe, ilifika kwa Bawabu. Alikuwa jitu la kivita lililolinda lango, limevaa chuma mwili mzima, na nyundo yenye ukubwa wa jokofu. Mwalimu Breki alikuwa ameshauawa naye mara nyingi kiasi kwamba mkewe alisema huyo bwana wa nyundo amemzoea kuliko mashemeji zake.

Kosa la kwanza lilikuwa la mavazi. Mtu wa usalama ni mtu wa usalama popote, kwa hiyo alikuwa amemvisha shujaa wake vyuma vizito kuliko vyote alivyookota, na ngao pana kama mlango. Katika gemu hiyo ukibeba uzito kupita kiasi unabiringika kama gunia la viazi, polepole na kwa kishindo, na ule muda mfupi katikati ya kubiringika ambapo pigo linakupita bila kukudhuru unapungua. Ngao nayo ilimsaliti. Ilizuia pigo, ndiyo, lakini kila pigo la nyundo ile lilinyonya utepe wa kijani, na ukiisha ngao inaporomoka na wewe unabaki umesimama umeduwaa. Bawabu hakuwa na haraka. Aligonga ngao mpaka ikaanguka, kisha akamponda.

Binti alikuwa akipita kwenda jikoni. Aliona vyuma, akaona ngao, akafunga mdomo wake kama alivyoahidi, ila mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Siku chache zikapita akajiongeza mwenyewe. Alivua vyuma vizito, akaweka ngao chini, akabaki na koti la ngozi na upanga. Sasa alibiringika vizuri, mwepesi kama mtu mwingine, na bado akafa. Alirudi nyuma kwenye gemu kuwaua viumbe wadogo ili aongeze nguvu za shujaa wake, akamwongezea uhai mpaka utepe mwekundu ukanyooka nusu ya skrini, na bado akafa, isipokuwa sasa alichukua muda mrefu zaidi kufa. Jioni moja aliirusha rimoti kwenye kochi akasema gemu hii imetengenezwa na watu wasio na wazazi. Mkewe, sindano mdomoni, alimwambia hao watu angalau hawamo humu ndani wakipiga kelele.

Kilichomuua kilikuwa kilekile kila mara. Bawabu alikuwa na pigo la kuinua nyundo juu ya kichwa. Nyundo ikipanda tu, kidole cha Mwalimu Breki kilibonyeza, shujaa akabiringika, akainuka. Nyundo ilikuwa bado iko juu. Bawabu alikuwa anamtazama. Kisha ndipo iliposhuka, juu ya mtu ambaye amekwisha kutumia ujanja wake wote. Wakati mwingine alibiringika mara ya pili kwa hofu, na ya tatu, mpaka pumzi zikaisha, na nyundo ikamkuta amechuchumaa hana la kufanya. Alisema huo ni wizi. Alisema Bawabu anasoma vidole vyake.

Jibu lilimjia kazini, na lilimjia kwa aibu. Alikuwa na mwanafunzi, fundi rangi mmoja mkimya mwenye mikono mikubwa, wanakaribia taa za barabarani. Taa ilikuwa ya kijani. Gari likasimama ghafla, vichwa vyote viwili vikaenda mbele vikarudi, na yule fundi akauliza kwa upole kulikuwa na nini. Mwalimu Breki akatazama mbele. Hakukuwa na kitu. Taa ilikuwa bado ya kijani, njia nyeupe, hakuna hata paka. Mguu wake ulikuwa umeona kwamba taa *inaweza* kubadilika, ukaamua wenyewe. Alikaa pale, nyuma magari yanapiga honi, akiangalia kiatu chake juu ya kanyagio, na alichokiona mbele ya macho yake ni nyundo iko juu na shujaa wake anabiringika chini yake, peke yake, kabla ya chochote kutokea.

Alimwomba fundi rangi radhi. Fundi rangi alishtuka kuliko alivyoshtushwa na breki.

Jioni ile aliingia kwa Bawabu akiwa na nia tofauti. Mwanafunzi mgeni kabisa, siku ya kwanza, Mwalimu Breki hakumpa usukani. Alimkalisha kiti cha abiria akaendesha yeye, na kazi ya mgeni ilikuwa kutazama barabara tu. Basi na yeye akajikalisha kiti cha abiria. Alipita ukungu mweupe, akaelekea kwa lile jitu, na hakutoa upanga. Alizunguka, akakwepa, akafa, akarudi. Hakuwa na hazina ya kupoteza kwa kuwa alikuwa ameitumia yote kabla. Mkewe alisimamisha cherehani akamwangalia.

"Yaani siku hizi unakwenda kupigwa tu, hata kurudisha hurudishi?"

Akamjibu kwamba leo hapigani, leo anasoma. Mkewe akatikisa kichwa akaendelea na kola za sare.

Na kweli alisoma, jioni baada ya jioni. Aliona kwamba nyundo ikipita kutoka kulia kwenda kushoto, lazima irudi kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo asiyengoja ya pili anaila. Aliona kwamba ukirudi nyuma kunywa dawa, Bawabu anakurukia papo hapo; dawa inanyweka tu wakati nyundo imezama ardhini na yeye anahangaika kuichomoa. Aliona kwamba kukimbilia nyuma ni kosa, kwa sababu nyundo ni ndefu na inakufuata, lakini ukibiringika mbele, ukipita chini ya kwapa lake, inaangukia mahali ulipokuwa. Na lile pigo la juu lililomtesa aliliona kuwa ni mapigo mawili. Akiinua kwa mkono mmoja, linashuka upesi. Akiishika kwa mikono miwili, anangoja, na anaweza kungoja mpaka ukachoka. Mwalimu Breki aliacha kuitazama nyundo, maana nyundo ilikuwa ya kumtisha tu. Alishuka na macho kifuani, kiunoni, magotini, na kule chini akakipata. Nyundo haikushuka kamwe kabla mguu wa kushoto wa Bawabu haujapiga hatua mbele. Mguu ukitulia, hakuna kitu. Mguu ukisogea, biringika.

Alifurahi akainuka kutoka kochini. Alitaka kumwita binti amwambie, akakumbuka masharti, akakaa.

Kujua ni jambo moja na kidole ni jambo jingine. Kwa siku kadhaa alijua kabisa na bado kidole kilibonyeza mapema. Alijifunza kukiinua kidole kabisa kutoka kwenye kitufe nyundo inapopanda, kikae hewani, kisubiri mguu. Kukiacha hewani kulimtoa jasho. Lakini nyundo ilianza kuangukia mchanga mtupu, naye anapiga upanga mara mbili, anaondoka. Mara tatu ilikuwa tamaa, na kwa tamaa alikufa vilevile kama kwa woga.

Alipomfikisha nusu, Bawabu aliwasha nyundo moto. Sasa kila ilipopiga ardhi, moto ulitulia kidogo kisha ukalipuka pande zote, na yule aliyekimbilia kupiga upanga kama mwanzo aliunguzwa. Mwalimu Breki aliunguzwa mara nyingi. Lakini hakurusha rimoti. Alirudi kiti cha abiria, akatazama, akajifunza kwamba baada ya nyundo kuna kungoja kwingine, na baada ya mlipuko kuna nafasi ya pigo moja. Moja tu.

Ikawa Jumamosi alasiri, siku mbili kabla ya binti kuanza kwa yule mama. Binti alikuwa ametumwa sokoni. Mkewe alikuwa anashonea vifungo kwa mkono, cherehani imefunikwa. Mwalimu Breki alikuwa ndani kwa Bawabu, nyundo imeshawaka moto, dawa imekwisha, na uhai wake umebaki kipande kisichovumilia hata pigo moja. Uhai wa Bawabu nao ulikuwa umebaki kipande.

Mlango ukafunguliwa. Binti aliingia na mfuko wa vitunguu, akaangalia skrini, akasimama palepale mlangoni.

Yeye alimjua Bawabu kama anavyojua ngazi za nyumba yao. Aliona mikono miwili ikishika nyundo, akaona baba yake yuko karibu mno, na neno likamjaa mdomoni. Mama yake alimwona akivuta pumzi. Lakini binti aliuma mdomo wa chini, akaukumbatia mfuko, akanyamaza. Katika nyumba ile kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa akijifunza kungoja, na haikuwa rahisi kwake pia.

Nyundo ilikaa juu. Kidole kilikaa hewani. Mwalimu Breki hakuwa anajua kama kuna mtu mlangoni. Mguu wa kushoto ukasogea, akabiringika mbele, nyundo ikapiga ardhi nyuma yake. Mgongo wa Bawabu ulikuwa mbele yake, wazi, mkubwa kama ukuta. Hakupiga. Moto ukatulia, akabiringika, ukalipuka, ukampita. Ndipo alipopiga, mara moja. Uhai wa Bawabu ukabaki mstari mwekundu, mwembamba kama uzi wa mkewe, na pumzi za pigo la pili alikuwa nazo. Akaondoka. Mkewe akasema kwa sauti ndogo, "Ee, mmalize basi," na yeye hakumsikia. Alizunguka, akangoja mapigo mawili ya pembeni, akangoja nyundo ipande tena, mikono miwili tena, mguu tena, ardhi, moto. Kisha akapiga.

Bawabu akapiga goti, akasambaratika kuwa majivu, na lango likaanza kufunguka.

Mwalimu Breki hakushangilia. Aliiweka rimoti kwenye meza ndogo kama mtu anayeweka yai, akajifuta viganja kwenye suruali, na alipogeuka akamwona binti yake mlangoni na vitunguu vyake.

"Umefika saa ngapi?"

"Nimefika nyundo iko juu."

"Na hukusema kitu."

"Ningesema, aliyempiga angekuwa nani, wewe au mimi?" alijibu, akaenda jikoni kuweka vitunguu.

Jumatatu asubuhi walitoka na gari la chuo, wao wawili. Mwalimu Breki alikaa kiti chake cha pembeni, akafunga mkanda, na mguu wa kulia akaushusha sakafuni, kando ya kanyagio, mahali pa kulifikia ikibidi. Hakutoa hotuba. Binti aliendesha vizuri barabara za tambarare, kisha, bila kuulizwa, akaelekea kwenye kile kilima kinachoteremka kwenye makutano.

Walianza kuteremka. Kutoka kulia lilikuwa linakuja lori la mchanga. Mwalimu Breki aliliona mapema, kama anavyoona kila kitu mapema, na pale ambapo siku zote mguu wake ungeshuka, gari likapita. Likapita na pale ambapo ungeshuka tena. Alimtazama binti yake badala ya lori. Aliona macho yake yameliona, mikono imetulia, mguu wake umeacha mafuta. Bado hajakanyaga. Bado. Kisha akakanyaga, kwa utaratibu, na gari likapungua, likapungua, likasimama nyuma ya mstari, na lori likapita mbele yao likimwaga mchanga kidogo kwenye kona.

Binti alivuta breki ya mkono, akageuka kumwangalia baba yake usoni, kisha akashuka na macho kama alivyofanya baba yake kwa Bawabu. Mguu wa kulia ulikuwa sakafuni. Baba yake alikuwa ameushika gotini kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, vidole vimebadilika rangi.

"Baba, achia sasa," binti alisema. "Nimeshasimama."

Akaachia. Nyuma yao mtu alipiga honi, akapiga tena, na wote wawili wakamwacha angoje.